Kliniki imenitumia meseji ya surua, lakini mgonjwa mwenyewe sijamwona! Hizi siku 21 zinaanza lini?

Bi_Subira (#1)
Habari za jioni wanajukwaa. Leo tarehe 6, saa 9 alasiri, imeingia meseji kwenye simu yangu kutoka kliniki niliyompeleka mwanangu wa miezi 8 kupimwa uzito. Naiweka hapa kama ilivyo:

"Ndugu mteja, tarehe 3 ulikuwepo kituoni wakati mmoja na mgonjwa wa surua. Unashauriwa kukaa nyumbani siku 21. Mgonjwa hujitenga siku 4. Ukiona homa, mafua, macho mekundu au vipele, usije kituoni, piga simu kwanza."

Sasa nina maswali. Nimepiga kuuliza, wakaniambia huyo mgonjwa aliondoka saa 4 na dakika 10 asubuhi. Mimi nimeingia saa 5 kamili, daftari la mapokezi lina saini yangu, nikatoka saa 5:40. Tumekutana wapi? Na ni siku 21 au siku 4? Halafu mtu ukiugua ndiyo wanakwambia usije, sasa kliniki ni ya wazima?

Chokochoko (#2)
Ya wazima wanaopima uzito 😂 Pole mkuu. Nakaa hapa nisome.

Dokta_Mtarajiwa (#3)
Dada usihangaike. Surua inaambukiza hadi siku 4 baada ya vipele kutoka, basi. Hiyo 21 ni ya kujihami tu. Kaa siku 4, kama huna kitu endelea na maisha.

Baba_Wawili (#4)
Siku zote hizo za nini? Mimi nilipokutana na mgonjwa nilikaa siku 5 na barakoa, nikapima, mstari mmoja, nikarudi kazini. Siku hizi hakuna tena siku 14.

Chokochoko (#5)
Baba Wawili umeingia msiba si wako. Hiyo ni korona, hapa wanazika surua.

Nesi_wa_Zamu (#6)
#3 hapana, na nakuomba uirekebishe kabla mtu hajaifuata. Umeshika namba sahihi ukampa mtu asiye wake.

Siku 4 ni za mgonjwa. Vipele vikishatoka, anahesabu siku 4 mbele na hapo ndipo huruhusiwa kuchangamana. Siku 21 ni za mtu mzima wa afya aliyekuwa karibu na hewa ile na hana kinga. Huyo bado hajulikani kama ameambukizwa, na ugonjwa unaweza kukaa kimya mwilini mwake wiki 2, wakati mwingine hadi 3, ndipo vipele vitoke. Akikaa siku 4 tu akatoka, anatoka siku ile ile anayoweza kuanza kuwa hatari kwa wengine, kwa sababu mgonjwa wa surua huambukiza siku 4 kabla ya kipele cha kwanza. Siku hizo ana homa, mafua na kikohozi tu, hakuna anayemshuku.

Meseji ya kliniki imeziweka namba zote mbili kwenye pumzi moja. Aliyeiandika anaelewa anachosema, anayesoma ndiye anaachwa njia panda.

Bi Subira, swali la haraka kuliko yote: mtoto amechanjwa surua? Na wewe?

Bi_Subira (#7)
Asante dada nesi. Mtoto bado, chanjo yake ya surua haijafika zamu. Mimi kadi yangu ya utotoni haipo, lakini mama anasema niliugua surua nikiwa mdogo.

Mzee_wa_Hoja (#8)
Kabla ya chanjo tulimalize la mlango. Mgonjwa katoka saa 4:10, huyu kaingia saa 5:00. Dakika 50 kati yao. Hawakukutana. Kliniki imetuma meseji kwa watu wote wa daftarini ili ijivue lawama. Nimefanya kazi ofisini, najua barua za kujivua lawama zinavyoandikwa.

Karani_wa_Zamani (#9)
Mzee wangu, mimi nimekuwa nikituma hizo meseji kwa mikono yangu, miaka kadhaa mapokezini. Hatutumi kwa daftari zima. Tunaambiwa mgonjwa aliingia saa ngapi na katoka saa ngapi, tunaongeza saa 2 baada ya kutoka kwake, kisha tunachora mstari. Aliyesaini ndani ya mstari anapata meseji, aliyesaini nje hapati. Mgonjwa wa Bi Subira katoka 4:10, mstari wake unaishia 6:10. Yeye kaingia 5:00. Yumo, tena katikati kabisa.

Na jina la mgonjwa hatulitaji hata ukitutukana. Nimetukanwa sana.

Mzee_wa_Hoja (#10)
Saa 2 hewani? Mafua gani hayo yanayongoja watu kama deni?

Nesi_wa_Zamu (#11)
Surua ndiyo hiyo. Virusi vyake vinabaki kwenye hewa ya chumba hadi saa 2 baada ya mgonjwa kuondoka. Huhitaji kumgusa wala kumwona. Katika watu 10 wasio na kinga wakikaa naye karibu, hadi 9 wanaweza kuambukizwa. Karani kaeleza vizuri, sina la kuongeza.

Dokta_Mtarajiwa (#12)
Nimekubali kosa la #3, nimelisoma kinyume. Lakini hili la saa 2 nalo si la kila chumba. Kama madirisha yalikuwa wazi na upepo unapita, dakika 50 zinatosha kusafisha hewa. Bi Subira, madirisha yalikuwaje?

Bi_Subira (#13)
Moja wazi, moja limebanwa na kabati. Feni inazunguka.

Mzee_wa_Hoja (#14)
Feni inasambaza, haitoi.

Nesi_wa_Zamu (#15)
Hilo la hewa wanabishana hata wataalamu, maana chumba chenye hewa nzuri kweli husafishika mapema. Ila mwenye kutuma meseji hana kipimo cha upepo wa juzi, kwa hiyo hushika saa 2. Mkitaka kubishania dirisha bishaneni, lakini mtoto wa miezi 8 asisubiri matokeo ya ubishi.

Bi Subira, saa zako ziko hivi. Chanjo ikichomwa ndani ya saa 72 tangu kukutana na hewa ile inaweza kuzuia ugonjwa, na watoto kuanzia miezi 6 hupewa hivyo. Wewe umeingia saa 5 asubuhi tarehe 3, saa 72 zimetimia leo saa 5 asubuhi. Meseji imekufikia saa 9. Umepitwa na saa 4.

Imebaki sindano ya pili, ile ya kingamwili zilizokwisha tengenezwa, imunoglobulini. Hiyo ina siku 6, yaani hadi tarehe 9. Kesho asubuhi piga simu, usiende. Waambie maneno haya: "mtoto wa miezi 8, hajachanjwa, alikuwepo tarehe 3 saa 5, naulizia imunoglobulini." Ukisema tu "nimepata meseji" utaambiwa kaa nyumbani.

Kipepeo (#16)
Samahani, kwani mtoto anayenyonya si ana kinga ya mama? Wangu watatu wote nilinyonyesha na hakuna aliyeugua.

Nesi_wa_Zamu (#17)
Kinga ya surua ya mama hupita zaidi kwenye kondo kabla ya kuzaliwa, na huisha polepole katika miezi ya kwanza. Ikifika miezi 8 wengi haiwatoshi tena. Wako watatu pengine hawakukutana na surua. Aendelee kunyonya, ila asihesabu maziwa kama chanjo.

Mwana_wa_Mwisho (#18)
Mimi yangu ilikuwa hivi. Kaka yangu alipata malengelenge yenye maji, kichwani hadi tumboni. Tulikaa ndani hadi yote yakakauka magamba. Mimi yakanitoka siku ya 15. Tulipakwa dawa ya pinki mwili mzima tukawa kama sanamu. Kwa hiyo Bi Subira angalia magamba, yakikauka uko salama.

Chokochoko (#19)
Hayo ni matetekuwanga, ndugu yangu. Umetusimulia vizuri lakini nyumba siyo.

Mwana_wa_Mwisho (#20)
Haa! Miaka yote mama aliita surua.

Nesi_wa_Zamu (#21)
#20 ndiyo maana nilitaka kurudi kwa Bi Subira #7. "Mama anasema niliugua surua" tunaisikia kila siku, na baadhi ya zile surua za masimulizi zilikuwa tetekuwanga, rubela au vipele vya joto. Mama hakudanganya, alikiita kila kipele kwa jina moja. Waombe wakupime damu kuangalia kinga. Ukiwa nayo, karantini yako inaisha palepale. Ukiwa huna, siku 21 ni zako pia.

Bi_Subira (#22)
Sawa. Sasa hesabu. Leo 6, nikiongeza 21 ni tarehe 27?

Karani_wa_Zamani (#23)
Hapana mama, hilo ndilo kosa tulilokuwa tunapigiwa simu kila siku. Huhesabu tangu meseji ilipofika. Siku ya kukutana ni sifuri. Tarehe 3 sifuri, tarehe 4 moja, ukienda hivyo ya 21 inaangukia tarehe 24. Tarehe 24 bado uko ndani, 25 unatoka. Tulipoacha kuandika "siku 21" tukaandika tarehe yenyewe, simu zilipungua sana.

Bi_Subira (#24)
Mungu wangu, na tarehe 5 nilikwenda harusini na mtoto mgongoni! Nimeshika mashavu ya bibi harusi.

Nesi_wa_Zamu (#25)
Tulia. Tarehe 5 ilikuwa siku ya 2. Hata kama umeambukizwa, siku ya 2 huna cha kumpa mtu. Tunaanza kuwa na wasiwasi kuanzia siku ya 5, kwako tarehe 8. Bibi harusi yuko salama na mashavu yake.

Baba_Wawili (#26)
Na mume? Hakuwa kliniki. Naye afungiwe?

Dokta_Mtarajiwa (#27)
Hafungiwi. Aliyekutana na aliyekutana hahesabiwi.

Nesi_wa_Zamu (#28)
Safari hii uko sawa 👏 Ila mume achunguze kinga yake sasa. Mtoto akiumwa, itakuwa alikwisha kuwaambukiza nyumbani siku 4 kabla ya kipele, na hapo mume naye anaanza hesabu yake.

Mzee_wa_Hoja (#29)
Turudi kwenye "usije kituoni". Hapo sijaridhika. Mtoto ana homa, mama anaambiwa apige simu, simu haipokelewi. Afe akisubiri mlio?

Tunu_M (#30)
Mzee, mimi ndiye nilikuja bila kupiga. Miaka minne iliyopita mwanangu alikuwa na homa na macho mekundu, nikakaa naye kwenye benchi karibu saa nzima, mbele yangu mama mjamzito, nyuma yangu mzee wa dawa za kansa. Vipele vilianza kutoka tukiwa pale pale, nyuma ya masikio, nikaona kwa macho yangu. Siku mbili baadaye karibu kila mtu wa benchi lile alipata meseji. Yule mjamzito sijui iliishaje, sijawahi kuwa na ujasiri wa kuuliza. Kama ningepiga simu wangenipitisha mlango wa nyuma. Ndivyo walivyofanya mara ya pili.

Nesi_wa_Zamu (#31)
Pole Tunu. Ndiyo maana yake: ukipiga, wanakupangia saa ya mwisho, mlango mwingine, chumba kitakachofungwa baada yako. Hawakukatazi kuja, wanataka wajue unakuja.

Na Mzee ana haki kwenye moja. Meseji ingepaswa kutenga vitu viwili. Homa na mafua: piga, ngoja maelekezo. Lakini mtoto akihema kwa shida, akikataa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akidegedega, akilegea asiamke vizuri, hapo hakuna kungoja simu. Unakwenda hospitali saa hiyo hiyo, na mlangoni, kabla hujaingia, unasema "tulikutana na surua". Maneno matatu yanatosha kuwafanya wakuelekeze pembeni.

Kipepeo (#32)
Dada nesi, kwenye ngozi nyeusi kama yangu hivyo vipele vyekundu nitavionaje? Picha zote mtandaoni ni watoto weupe.

Nesi_wa_Zamu (#33)
Swali zuri, na meseji nyingi zinateleza hapo kwa kuandika "vipele vyekundu". Kwetu wekundu unaweza usionekane. Vinaonekana kama weusi zaidi ya ngozi, au huvioni kabisa ila ukipitisha kiganja unahisi ngozi imekwaruza. Msogeze mtoto dirishani, mwanga umpige kwa ubavu. Anza kwenye paji la uso pale nywele zinapoanzia na nyuma ya masikio, ndipo vinaposhukia shingoni, kifuani, hadi miguuni.

Ila ukisubiri vipele umechelewa. Homa inatangulia siku 2 hadi 4, pamoja na kikohozi, mafua na macho yanayokimbia mwanga. Ndani ya mashavu, usawa wa magego, unaweza kuona chembe nyeupe kama chumvi iliyomwagika. Zikionekana, piga simu siku hiyo.

Bi_Subira (#34)
Wakuu nimerudi, leo tarehe 7 usiku. Nimepiga asubuhi nikasema maneno yale yale ya #15. Dada wa mapokezi alinyamaza kidogo, akanipa daktari. Wametupangia saa 11 jioni, mlango wa nyuma, mtoto kachomwa kwenye paja. Kalia kisha kalala. Mimi wametoa damu. Lakini wameniambia mtoto sasa ni siku 28 na siyo 21! Nimepewa dawa nikaongezewa kifungo?

Chokochoko (#35)
Riba 😂

Karani_wa_Zamani (#36)
Tarehe 3 ukiongeza 28 ni tarehe 31.

Nesi_wa_Zamu (#37)
Hongera, umewahi siku ya 4. Ile sindano inaweza kuuchelewesha ugonjwa badala ya kuuzuia kabisa, ndiyo maana huongezwa wiki moja. Na akija kuugua, mtoto anaweza kuwa na dalili hafifu, kwa hiyo hata homa ndogo mpigie daktari. Jingine: chanjo yake ya surua itabidi isogezwe, baada ya sindano ya msuli kwa kawaida ni miezi 6, la sivyo zile kingamwili zitaiua chanjo kabla haijafanya kazi. Mwambie aandike kwenye kadi ya mtoto, usitegemee kukumbuka.

Dokta_Mtarajiwa (#38)
Kwa nini hawakumpa zote mbili, chanjo na hiyo, kujihakikishia?

Nesi_wa_Zamu (#39)
Soma tena pale niliposema kingamwili zitaiua chanjo.

Dokta_Mtarajiwa (#40)
😅 Nimeona.

Baba_Wawili (#41)
Mimi nina jambo. Mpwa wangu alichanjwa siku ile ile aliyokutana na mgonjwa. Siku ya 9 akapata homa na vipele. Nusu ya ukoo walisema chanjo ndiyo iliyomwambukiza, nusu wakasema chanjo haikufanya kazi.

Nesi_wa_Zamu (#42)
Inawezekana kuwa kimoja kati ya viwili. Chanjo yenyewe huweza kuleta homa na vipele hafifu, mara nyingi kati ya siku ya 6 na ya 12, na havimwambukizi mwingine. Lakini siku hizo hizo ndizo surua halisi hubisha hodi. Kwa kutazama tu huwezi kutofautisha. Maabara wanaweza kuangalia kama kirusi ni cha chanjo au cha mtaani. Walichukua kipimo?

Baba_Wawili (#43)
Walichukua majimaji ya koo. Jibu halikutufikia hadi leo.

Mzee_wa_Hoja (#44)
Kwa hiyo hata nesi hajui. Nimefurahi.

Karani_wa_Zamani (#45)
Nikiwa bado ofisini ningeiandika upya ile meseji ya #1 hivi. Nesi nisahihishe:

"Tarehe 3, kati ya saa 2:30 asubuhi na saa 6:10 mchana, hewa ya chumba chetu cha kusubiri ilikuwa na surua. Uliingia ndani ya muda huo hata kama hukumwona mgonjwa. Tupigie LEO kama una mtoto chini ya mwaka 1, una mimba, una ugonjwa unaopunguza kinga, au hujachanjwa: kuna sindano zenye muda mfupi. Kama huna uhakika wa kinga, kaa nyumbani kuanzia tarehe 8 hadi mwisho wa tarehe 24. Ukipata homa, kikohozi, mafua au macho mekundu, piga kabla ya kuja. Akihema kwa shida, akidegedega au asipoweza kunywa, nenda hospitali mara moja na useme mlangoni kwamba ulikutana na surua."

Hiyo saa 2:30 nimeibuni, ndiyo saa ya mgonjwa kuingia.

Nesi_wa_Zamu (#46)
Ni nzuri. Ningebishana nawe kwenye "kuanzia tarehe 8" tu. Kwa hesabu ni sahihi, lakini ukimpa mtu siku mbili za uhuru atazitumia kwenda kuwaaga watu wote. Mimi ningeandika kuanzia leo.

Karani_wa_Zamani (#47)
Na mimi ningesema ukimfungia mtu siku ambazo hana hatia, tarehe 20 anatoroka. Tumewaona.

Mzee_wa_Hoja (#48)
Nipo na karani.

Tunu_M (#49)
Nipo na nesi.

Bi_Subira (#50)
Leo tarehe 14. Damu yangu imerudi, nina kinga, mama hakukosea. Ila mtoto tangu alfajiri ana mafua na joto 37.9. Mdomoni nimetazama kwa tochi ya simu, sijaona chembe, lakini hafungui mdomo vizuri. Nimepiga, wamesema saa 11, mlango ule ule. Baba yake anasema ni meno.

Chokochoko (#51)
Utani pembeni, Bi Subira. Ukitoka huko tuandikie.

Nesi_wa_Zamu (#52)
Meno yanaweza kuwa. Siku ya 11 nayo ni siku ya 11. Mvalishe nguo nyepesi, mnyonyeshe mara kwa mara, mpime tena saa 8 uandike namba na saa uliyopima, uende na karatasi hiyo. Na baba yake, ile kinga yake aliichunguza?

Bi_Subira (#53)
Hajaichunguza. Ndiyo kwanza anatafuta kadi yake ya shule.